Gari limeshaondoka: gharama iliyozama na gharama ya fursa

Kila msimu wa karafuu, hapa Pemba, mimi husikia istilahi mbili za somo la uchumi zikitoka darasani na kukaa barazani. Mtu aliyesimamisha ujenzi wa nyumba yake nusu ukuta atakwambia, "Siwezi kuacha, nimeshatia milioni nne, gharama ya fursa ni kubwa." Mwingine anakataa kibarua cha siku kumi kwa sababu ana duka lisilo na wateja, akaeleza kwamba kufungua duka hakumgharimu chochote kwani kodi ameshalipa. Wote wawili wanasema kwa uhakika, na wote wawili wamekosea. Wa kwanza ameshika jina la kitu kimoja akalibandika kwenye kingine. Wa pili amekiona kimoja, hakukiona cha pili kabisa.

Ninafundisha uchumi Kidato cha Tano na cha Sita, na kosa hilohilo ninalikuta kwenye madaftari. Wanafunzi wanakariri maana zote mbili sawasawa, lakini ukiwapa jambo la maisha wanazigeuza. Kwa hiyo mwaka huu niliacha kuanza na maana, nikaanza na msichana aliyekosa gari. Nimemtunga mwenyewe na bei zake pia nimezitunga ili hesabu ikae vizuri, ila njia anayosafiri na karafuu anazochambua mnazijua.

Hata hivyo, kwa msomaji asiyekuwa darasani, maana zitangulie. Gharama iliyozama ni kile ulichokwisha kukitoa, fedha au muda au jasho, ambacho hakirudi hata sasa ukiamua vipi. Gharama ya fursa ni thamani ya kile kilicho bora kuliko vyote unavyoviacha pale unapochagua kimoja. Wazo hili la pili lilielezwa na mchumi wa Austria, Friedrich von Wieser, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, lakini jambo lenyewe wazee wetu walilijua walipomsema fisi aliyeshindwa na njia mbili. Na lile la kwanza walilijua pia: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Jumamosi ya Rukia

Tumwite Rukia. Yuko Kidato cha Sita, anakaa kijijini nje kidogo ya Wete, na kila Jumamosi anakwenda Chake Chake kwenye tuisheni ya hisabati. Masomo ni ya Jumamosi nne. Baba yake alilipa shilingi 40,000 mwanzo wa mwezi, na mwalimu alisema mapema kwamba fedha hairudi: ukija usije, umelipa. Kwa hiyo kila Jumamosi moja imesimama kwa shilingi 10,000.

Kutoka Wete hadi Chake ni kama kilomita 30. Gari la asubuhi hupita kijijini kwao saa 12 na nusu. Jumamosi hiyo, ya pili katika zile nne, Rukia alifika kituoni saa 12 na dakika 32. Alichokiona ni taa nyekundu mbili zikipanda kilima na mkono wa utingo ukining'inia nje ya mlango.

Akangoja. Gari la pili likapita limejaa hadi mlangoni, la tatu vivyo hivyo, kwa sababu msimu wa karafuu watu na magunia hugombea nafasi moja. Saa 2 kasoro dakika tano akasimama kijana wa bodaboda. "Dada, Chake? Elfu kumi na mbili, kwa kuwa ni wewe." Somo lilikuwa linaanza saa 2 na kumalizika saa 6. Kwa bodaboda angefika saa 2 na dakika 45, na kurudi mchana angerudi kwa gari, shilingi 2,000.

Wazo la kwanza lililomjia Rukia ni hili: "Leo imelipiwa elfu kumi. Nisipokwenda nimeitupa. Bora nipande." Akashika mkoba.

Wazo la pili likaja nyuma yake: "Na saa nzima na nusu nimesimama hapa bure. Nikirudi nyumbani sasa, hata kungoja kwangu kutakuwa kumepotea."

Kisha simu ikalia. Shangazi yake alikuwa uani, magunia ya karafuu mbichi zilizochumwa jana jioni yamemwagwa juu ya majamvi, na mikono haitoshi. "Uko wapi, mwanangu? Njoo tuchambue kabla jua halijawa kali." Kuchambua, kwa asiyejua, ni kukipitisha kishada kiganjani na kuzitenga karafuu na makonyo yake, moja kwa moja, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni. Shangazi hulipa kwa pishi na hamnyimi Rukia haki yake kwa kuwa ni mtoto wa kaka yake. Akianza saa 3 asubuhi, kufika jioni hupata kama shilingi 7,000. Akianza saa 8 mchana, baada ya kurudi Chake, hupata 3,000.

Hapo wazo la tatu likamvaa, na hili ndilo linalowapata wengi baada ya kusikia kwamba yaliyopita yaachwe: "Basi narudi nyumbani. Elfu kumi imeshakwenda, kwa hiyo kutokwenda hakunigharimu kitu."

Mawazo matatu, na kila moja lina kosa lake. Mawili ya kwanza yamekiingiza kilichozama kwenye hesabu. La tatu limekitoa kilichozama, vizuri, lakini limeisahau gharama ya fursa: kutokwenda nako kunagharimu, kwa sababu Jumatano kuna jaribio la skuli na mada ya leo ni uwezekano, ambayo Rukia haijui vizuri. Hilo somo analoliacha lina thamani, alilipiwa au hakulipiwa.

Hesabu ilivyo

Tufanye kama Rukia alivyofanya mwishowe, amekaa juu ya jiwe la kituoni na kalamu mkononi.

Jambo la kwanza ni kuuliza somo la leo lina thamani gani kwake kuanzia saa hii. Watu wengi hapa huandika 10,000 kwa sababu ndiyo bei iliyolipwa. Bei iliyolipwa jana haikwambii kitu kina thamani gani leo. Njia nzuri zaidi ni kuuliza: nikilikosa, nitalipata wapi kwingine na kwa kiasi gani? Rukia alikuwa na jibu. Jirani yao ana binti aliyemaliza Kidato cha Sita mwaka jana akafaulu hisabati, naye hufundisha wenzake nyumbani. Jumapili baada ya alasiri atamfundisha mada ileile kwa shilingi 5,000.

Sasa njia ziko mbili zilizo wazi. Akipanda bodaboda, zitamtoka mfukoni 12,000 za kwenda na 2,000 za kurudi, jumla 14,000. Juu ya hapo ataacha 7,000 za Shangazi na kuambulia 3,000 za jioni, yaani ameacha 4,000. Bei halisi ya kwenda Chake asubuhi hii ni 18,000. Akirudi nyumbani, atachambua karafuu, kesho atamlipa jirani 5,000, na mada ataipata. Mada ileile, kwa njia moja inamgharimu 18,000, kwa njia nyingine 5,000. Tofauti ni 13,000.

Angalia kwamba katika mistari hiyo yote ile 10,000 ya tuisheni haikutajwa. Wanafunzi wangu hawakubali haraka, wananiambia nimeificha. Basi tuiingize. Akipanda bodaboda, siku itamwishia hivi: ametoa 10,000 za tuisheni na 14,000 za safari, ameingiza 3,000, hasara yake 21,000. Akirudi nyumbani: ametoa 10,000 za tuisheni na 5,000 za jirani, ameingiza 7,000, hasara yake 8,000. Toa 8,000 kwenye 21,000. Tofauti ni 13,000 ileile. Ile elfu kumi imekaa pande zote mbili kama uzito uleule kwenye vitanga viwili vya mizani, na mizani haikucheza. Hiyo ndiyo maana ya kuzama. Haimaanishi kwamba fedha ilikuwa ndogo, au kwamba haiumi, au kwamba baba hakuitolea jasho. Maana yake ni kwamba iko sawa katika kila njia iliyobaki, kwa hiyo haiwezi kukuchagulia njia moja dhidi ya nyingine.

Zile 14,000 za safari ni jambo jingine. Saa 2 kasoro dakika tano bado ziko mkobani, hazijazama, na ndiyo maana zinahesabiwa. Akipanda tu na bodaboda ikafika nusu ya njia, zile 12,000 zitakuwa zimekwenda kujiunga na elfu kumi ya tuisheni. Fedha ileile inabadilika jina kwa kuvuka dakika moja. Mwanzo wa mwezi, kabla baba hajalipa, zile 40,000 nazo zilikuwa na gharama yake ya fursa: zingeweza kununua viatu, au kulipa deni la dukani. Siku ile ilikuwa siku yake ya kupimwa. Baada ya kulipwa, kipimo hicho kimefungwa.

Ndiyo maana mimi hupenda kuwapa wanafunzi jaribio moja badala ya kuwakaririsha. Badilisha jana uone kama jibu linabadilika. Tuseme tuisheni ilikuwa ya bure, au ililipiwa 100,000; je, saa 2 kasoro ungeamua vingine? Kama ndiyo, basi kilichozama kimeingia kwenye uamuzi wako kwa mlango wa nyuma. Kisha badilisha ile njia nyingine. Tuseme kumekucha na mvua na Shangazi hana kazi, au jirani amepanda boti jana kwenda Unguja. Hapa jibu lina haki ya kubadilika, kwa sababu umegusa gharama ya fursa.

Na kweli linaweza kubadilika. Mvua ikinyesha siku nzima na karafuu zikabaki guniani, Rukia haachi ujira wowote kwa kwenda Chake; bei ya safari inashuka kutoka 18,000 hadi 14,000, ingawa bado jirani wa 5,000 ni rahisi zaidi. Lakini jirani akiwa Unguja, mambo yamegeuka. Mada haina pengine pa kupatikana kabla ya Jumatano, na swali linabaki moja: kuielewa mada hiyo kabla ya jaribio kuna thamani ya 18,000 kwake au hakuna? Mwanafunzi mmoja atasema hakuna. Mwingine, ambaye alama zake zinaning'inia, atasema ipo na zaidi, akapanda bodaboda, na atakuwa amefanya sawa. Kitendo ni kilekile alichotaka kukifanya Rukia mwanzo. Sababu ndiyo imebadilika, na sababu ndiyo itakayomwongoza siku nyingine bei zikiwa nyingine.

Ile saa na nusu ya kungoja

Nimeacha njia ya tatu makusudi, ile ya kuendelea kungoja, kwa sababu ndiyo inayotunasa sote. Ukishangoja kitu kwa muda mrefu, moyo unakwambia sasa kimekaribia. Ukiondoka na gari likatokea dakika mbili baadaye, majuto yake ni makali kuliko kama hukungoja kabisa. Kwa hiyo tunaongeza nusu saa, kisha nyingine.

Muda uliosimama kituoni umezama kama fedha inavyozama. Hakuna gari linaloharakishwa na uvumilivu wa abiria. Hata hivyo kuna jambo hapa ambalo wanaofundisha "sahau yaliyopita" hulipita mbio. Katika ile saa na nusu Rukia ameona magari mawili yakipita yamejaa. Muda umekwenda, lakini alichokiona hakikwenda. Ni habari juu ya kitakachokuja. Jumamosi ya msimu, magari yanajaa Wete kabla hayajafika kijijini kwao, na huenda la nne nalo litakuja limejaa. Akitumia habari hiyo kukadiria kwamba hatafika Chake kabla ya saa 4, anafanya hesabu ya mbele kwa ushahidi wa nyuma. Hilo halina kosa. Kosa ni kusema, "Nimengoja sana, kwa hiyo nitangoja zaidi." Maneno yanakaribiana mno, na mtu anaweza kuvuka kutoka moja kwenda jingine bila kujijua.

Nikiulizwa tofauti ionekane wapi, nasema sikiliza neno "kwa hiyo" linakotokea. Likitokea kwenye ulichokitoa, shuku. Likitokea kwenye ulichojifunza, endelea.

Kwa nini inauma hivi

Hili la kung'ang'ania kilicholipiwa si ujinga wa watu wasiosoma. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanunuzi wa tiketi za msimu za ukumbi wa michezo ya kuigiza huko Ohio. Watu 60 wa mwanzo waliofika dirishani wakitaka tiketi hiyo waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakauziwa kwa bei kamili, dola 15, wengine wakapunguziwa dola 2, wengine dola 7. Wote walikuwa tayari kulipa bei kamili, na michezo watakayoiona ni ileile. Ila katika nusu ya kwanza ya msimu waliolipa bei kamili walihudhuria michezo mingi zaidi kuliko waliopunguziwa. Bei iliyokwisha kulipwa ilikuwa bado inawasukuma kutoka majumbani mwao. Katika nusu ya pili ya msimu tofauti hiyo haikuonekana tena.

Maelezo waliyoyatoa yananigusa, kwa sababu yako karibu sana nasi: walisema watu hawataki kuonekana wanapoteza bure. Sisi tuna neno lake, israfu, na tumelelewa tuichukie. Mtoto akibakisha wali sahanini anaambiwa amalize. Malezi hayo ni mema na siyagusi. Shida inaanza tunapodhani kwamba kutoa 14,000 nyingine kutaiondoa israfu ya 10,000 ya kwanza. Wali uliokwisha kupikwa ukaungua haurudi kuwa mzima kwa kuongezewa nazi. Kama kuna israfu, basi ni ile inayoweza bado kuzuiwa, na inayoweza kuzuiwa ni ile ambayo haijatoka.

Yule mwenye nyumba ya nusu ukuta amebanwa na jambo hilo. Milioni nne zimo kwenye msingi na matofali. Swali lake la leo ni ngapi zimebaki ili nyumba ikaliwe, na hizo zilizobaki zingefanya nini kwingine. Huenda jibu likawa kumaliza, na mara nyingi ndivyo, kwa sababu msingi uliopo unapunguza kilichobaki kulipwa. Msingi unamsaidia kwa kuwa upo leo na unabeba ukuta. Kwamba uligharimu kiasi gani hakubebi tofali hata moja.

Hapa pia ndipo watu wanapopotea kwa kudhani kila kilicholipwa kimezama chote. Kinachozama ni ile sehemu isiyoweza kurudi. Kiwanja chenye msingi kinauzika. Karafuu zilizonyeshewa zikiwa majamvini hushuka daraja, lakini zikikauka bado zina bei. Hapo kilichozama ni tofauti kati ya ulichokitia na unachoweza kukiokoa, na hicho cha kuokoa kinabaki upande wa mbele wa hesabu. Mwenye duka lisilo na wateja, niliyemtaja mwanzo, alikuwa sahihi kwamba kodi yake imezama. Alichokikosa ni kwamba siku kumi za kukaa nyuma ya kaunta ni siku kumi za kibarua alichokikataa. Duka lilimgharimu ujira huo kila asubuhi alipolifungua, ingawa hakuna mtu aliyemdai.

Na kosa moja la mwisho, ambalo huwapata zaidi wale walioipenda gharama ya fursa mpaka wakazidisha. Rukia akirudi nyumbani angeweza kuchambua karafuu, au kulala, au kumsaidia mama kupika, au kwenda ufukweni na wenzake. Baadhi ya wanafunzi hujumlisha vyote hivyo na kusema kwenda Chake kunamkosesha yote manne. Saa zile ni moja, asingeweza kuzitumia mara nne. Anachokikosa ni kimoja tu, kile ambacho angekifanya kweli, kilicho bora kwake. Na si lazima kiwe na fedha. Kama angekuwa na homa na usingizi ndio aliouhitaji kuliko ujira, basi gharama yake ya fursa ilikuwa usingizi, hata kama hakuna pishi ya kuupimia.

Jumamosi iliyofuata

Rukia alirudi nyumbani. Alichambua mpaka magharibi, Shangazi akaandika pishi zake kwenye daftari la mraba lenye madoa ya mafuta ya karafuu, na Jumapili akakaa barazani kwa jirani na mada ya uwezekano ikaisha kwa muda wa saa mbili.

Wiki ilipokwisha, Shangazi akamwita tena. Kazi ilikuwa bado nyingi.

"Jumamosi hii pia njoo. Ile tuisheni si umeshaikosa moja? Imeshaharibika hiyo."

"Shangazi, iliyoharibika ni ile ya wiki iliyopita. Zimebaki mbili, na nafasi yangu bado ipo."

"Lakini fedha si mlishatoa zote? Ulisema mwenyewe zimezama."

"Fedha ndiyo iliyozama. Kiti hakijazama. Nikienda natoa nauli elfu nne na ujira wako wa asubuhi, napata saa nne za somo. Binti wa jirani saa nne hizo atataka elfu kumi."

Shangazi akanyamaza, vidole vyake vinaendelea na kishada. Kisha akauliza, kwa kuwa yeye ni mtu wa hesabu, ujira wa asubuhi ni shilingi ngapi.

"Elfu nne. Saba za siku nzima, nikirudi mchana nitapata tatu."

"Nne na nne ni nane," Shangazi akasema. "Na jirani kumi." Akatikisa makonyo yaliyonasa kwenye kanga yake. "Basi nenda. Lakini gari likikupita tena?"

"Likinipita nitakupigia tuhesabu upya, maana huenda yule binti wa jirani atakuwa ameondoka na boti."